Maneno manane kwa mhadhara mzima

Chukua karatasi ya A4 yenye maneno manane tu, moja chini ya jingine: Mate. Kimya. Kupasuka (2). Homa. Kunata. Slaidi. Kulala. Mbu wa pili. Mtu mwingine akiyasoma hataambulia kitu. Lakini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa utabibu aliyehudhuria mhadhara kuhusu maisha ya kimelea cha malaria anaweza kuyatazama na kujaza kurasa mbili bila kufungua daftari. Akishindwa, ataona ni neno gani lililomshinda, na ataliona akiwa bado na muda wa kurudi kwenye notsi.

Hiyo ndiyo karatasi ya kumwaga. Unatazama dokezo, unamwaga kwenye karatasi nyingine kila unachokumbuka kulihusu, kisha unafungua notsi na kujisahihisha. Wanafunzi wengi wameshaijaribu kazi hii kwa namna yake nyepesi: wanaandika kichwa cha mada juu ya karatasi tupu, wanaanza kumwaga. Kwa mada fupi inatosha. Kwa mhadhara wa saa mbili, kichwa peke yake hakitoshi, kwa sababu unaandika yaliyotangulia kukujia na kuacha mengine. Ukimaliza huwezi kujua kama kile ulichoacha umekisahau au hakikupita tu akilini wakati ule.

Tofauti hiyo ilionyeshwa vizuri mwaka 1966 na wanasaikolojia Endel Tulving na Zena Pearlstone. Waliwapa watu orodha ya maneno yaliyopangwa kwa makundi, kisha wakawataka wayakumbuke. Waliopewa majina ya makundi kama dokezo walikumbuka mengi zaidi kuliko waliopewa karatasi tupu. Na wale wa karatasi tupu walipopewa majina hayo baadaye, maneno mengine yakawarudia. Yalikuwemo kichwani muda wote. Kilichokosekana ni njia ya kuyafikia. Kwa hiyo dokezo si udanganyifu wala si dalili ya uvivu. Ni sehemu halali ya kazi, mradi lisizidi.

Na hapo ndipo karatasi nyingi zinapoharibika. Nimetazama karatasi za wanafunzi wengi, zile zinazotengenezwa kwenye vimbweta wiki chache kabla ya mitihani, na tatizo lake kubwa ni lile lile: zimejaa. Mtu anapunguza madesa ya kurasa nane kuwa ukurasa mmoja, anapiga mistari kwa rangi tatu, anaita hayo maneno makuu. Kwa kweli ameandika muhtasari. Akiutazama, jibu liko mbele yake, na kazi inayobaki ni kuunganisha maneno kwa vitenzi. Anajiona anakumbuka, kumbe anasoma.

Tuuchukue mhadhara wenyewe tuone. Sehemu ya notsi, ikiandikwa kwa ufupi, inasema hivi. Mbu jike wa anofelesi anapouma huingiza vimelea vinavyoitwa sporozoiti pamoja na mate yake. Vikishaingia kwenye damu havichukui muda mrefu, chini ya saa moja hivi, kufika kwenye ini na kujificha ndani ya seli zake. Kwa aina ya falsiparamu, ambayo ndiyo inayoua zaidi Afrika, huzaliana humo kwa takriban siku 5 hadi 7 bila mtu kuhisi lolote. Kisha seli za ini hupasuka na kumwaga maelfu ya vimelea vya hatua nyingine, merozoiti, ambavyo huvamia chembe nyekundu za damu. Ndani ya chembe nyekundu kimelea huanza na umbo la pete, hukua, hugawanyika, na baada ya saa 48 hivi chembe hupasuka na kutoa merozoiti wapya wanaovamia chembe nyingine. Homa hutokana na kupasuka huko kwa chembe nyekundu. Baadhi ya vimelea hubadilika kuwa gametositi, yaani hatua ya uzazi, ambayo mbu mwingine huifyonza.

Mwanafunzi wa kwanza anaandika karatasi yake hivi:

Mbu → sporozoiti → ini (siku 5–7) → merozoiti → chembe nyekundu → saa 48 → homa → gametositi → mbu

Inapendeza, ni fupi, na haifai. Mfuatano wote umetolewa. Majina yote magumu yametolewa. Tarakimu zote mbili zimetolewa. Katika mtihani wa mada hii maswali huwa juu ya mambo hayo hayo: nini kinafuata nini, kinaitwaje, kwa muda gani. Mwanafunzi huyu atafanya zoezi lake mara kadhaa na kila mara atapata alama nzuri, lakini hatakuwa amekumbuka hata jina moja kwa nguvu zake mwenyewe.

Mwanafunzi wa pili anafanya vingine. Anasoma sehemu moja ya notsi mara moja, anafunika, anajiuliza: mwalimu akitaka kunibana hapa, ataniuliza nini? Swali likishapatikana, anatafuta neno moja linaloweza kulibeba bila kulijibu. Kwa hatua ya kwanza haandiki “sporozoiti”, kwa kuwa jina hilo ni jibu. Anaandika “Mate”. Neno hilo linamlazimisha aseme nani ameuma, ni jike au dume, nini kimo kwenye mate, kinaitwaje na kinakwenda wapi. Kwa hatua ya ini haandiki “ini” wala “siku 5–7”. Anaandika “Kimya”, na kimya hicho kinauliza mambo matatu kwa pamoja: ni wapi, kwa muda gani, na kwa nini mgonjwa hajisikii vibaya.

“Kupasuka (2)” ni dokezo ninalolipenda hasa. Tarakimu ile inasema tu kwamba kuna kupasuka mara mbili katika hadithi hii, haisemi ni kupasuka kwa nini. Mwanafunzi anayekumbuka moja atajua kwamba bado anadaiwa jingine. Idadi ni dokezo zuri kwa orodha zote za namna hii, kwa kuwa inakuonyesha kwamba kuna pengo bila kukuambia kilichomo ndani yake.

Halafu kuna maneno ambayo hayakusimama kwenye jambo moja bali kwenye kiungo kati ya mambo mawili. “Kunata” na “Slaidi” ni ya namna hiyo. Katika malaria ya falsiparamu, chembe nyekundu zenye vimelea vinavyokomaa huota vinundu vidogo juu yake na kunata kwenye kuta za mishipa midogo ya damu, ikiwemo ya ubongo. Kimelea kinafaidika: chembe iliyonata haipiti kwenye bandama, mahali ambapo ingeweza kuchujwa na kuondolewa. Mgonjwa anaumia, kwa sababu mishipa ikiziba viungo vinakosa damu ya kutosha, na ubongo ukiguswa ndipo anapoweza kupoteza fahamu. Matokeo mengine yanaonekana maabara. Damu iliyotolewa kidoleni ikitazamwa kwa hadubini, mara nyingi huonyesha vimelea vichanga vyenye umbo la pete, kwa sababu vilivyokomaa vimeng’ang’ania ndani kabisa na havizunguki. Ukiandika tu “kunata” na kuishia hapo, unaweza kukariri sentensi moja. Ukiweka “Slaidi” chini yake, umejilazimisha kueleza kwa nini jambo la kwanza linazaa la pili. Notsi zilizokusanywa haraka darasani kwa kawaida huwa na majina na tarakimu. Viungo hivi mwalimu huvisema kwa mdomo na kupita, na ndivyo vinavyoulizwa kwenye maswali ya kueleza.

“Kulala” linahusu aina mbili nyingine, vivaksi na ovale, ambazo baadhi ya vimelea vyake hubaki vimelala kwenye ini na kuamka baada ya wiki au miezi, hata mgonjwa akiwa ametibiwa akapona. “Mbu wa pili” linabeba sehemu yote inayotokea ndani ya mbu: dume na jike kuungana tumboni, kijusi kupenya ukuta wa tumbo, kifuko kujengeka upande wa nje wa ukuta huo, sporozoiti wapya kutoka na kwenda kwenye tezi za mate, safari inayochukua takriban siku 10 hadi 14 kutegemea joto la mahali.

Hayo ndiyo maneno manane. Mhadhara mzito zaidi unaweza kudai kumi na mawili au kumi na matano. Ukijikuta umefika thelathini, yatazame tena, kwani mengi yatakuwa majibu yaliyojificha kama madokezo. Kipimo changu ni hiki: mpe karatasi mwenzako mwenye akili ambaye hakuhudhuria mhadhara. Kama anaweza kuandika aya yenye kueleweka kwa kuyaunganisha maneno yako, umetoa mno. Shana Carpenter na Edward DeLosh walilipima jambo hili mwaka 2006 kwa maneno ya kawaida: watu walipewa herufi za mwanzo ili wayakumbuke, wengine herufi nyingi, wengine chache. Waliosaidiwa kidogo zaidi katika zoezi ndio waliokumbuka zaidi baadaye, walipopimwa bila msaada wowote.

Kabla hujaiweka karatasi kando, igeuze. Nyuma yake, andika kila dokezo lina hoja ngapi na ziko ukurasa gani wa notsi. Mate 4, uk. 1. Kimya 3, uk. 1. Kunata 4, uk. 3. Kazi hii inachukua dakika chache tu, na wengi huiruka. Ni kosa kuiruka, kwa sababu ukija kujisahihisha bila hesabu uliyoiweka mapema utajihurumia. Utasoma aya yako dhaifu na kusema moyoni, “hili nilikuwa nalijua.” Hesabu iliyoandikwa nyuma haikubali maneno hayo.

Sasa subiri. Kumwaga dakika tano baada ya kutengeneza karatasi hakupimi kitu, kwa kuwa notsi bado zinasikika kichwani. Lala kwanza. Kesho yake kaa na karatasi ya madokezo upande mmoja na karatasi tupu upande mwingine, daftari likiwa limefungwa na simu ikiwa mbali, ujipe dakika ishirini kwa mhadhara wa ukubwa huu. Andika sentensi kamili panapohusika sababu, chora panapohusika umbo au mzunguko. Ukikwama kwenye dokezo, usikimbilie notsi. Kaa nalo kwa dakika moja hivi, kisha acha nafasi na uende mbele. Mara nyingi dokezo la chini hurudisha la juu.

Mwanafunzi wetu amemaliza, anafungua notsi na kushika kalamu nyekundu. Chini ya “Mate” ana hoja zote nne. Chini ya “Kulala” hakuandika kitu kabisa. Chini ya “Kunata” ameandika: “Chembe zenye vimelea hunata kwenye mishipa na kusababisha malaria kali.” Na chini ya “Homa” ameandika kwamba homa huanza vimelea vinapotoka kwenye ini.

Hapo kuna makosa matatu ya aina tatu, na kila moja lina dawa yake. Pengo la “Kulala” ndilo jepesi. Anasoma sehemu ile, anafunga, anaandika papo hapo kwa wino mwekundu kutoka kichwani, wala hanakili. Kunakili kwa mkono kunaupa mkono kazi na kuiacha kumbukumbu ikipumzika.

Jibu la “Kunata” ni la hatari zaidi kwa sababu linafanana na jibu. Sentensi ni sahihi, hakuna pa kuweka mkasi. Lakini nyuma ya karatasi imeandikwa 4, na hapa kuna hoja moja, au mbili ukiwa mkarimu. Mishipa ipi? Kimelea kinapata faida gani? Kwa nini ni kali? Maneno ya jumla namna hii ndiyo yanayompa mtu nusu ya alama kwenye mtihani na kumwacha akishangaa. Dawa yake ni kuongeza dokezo jipya pale palipokosekana kiungo: “Bandama”. Neno hilo halitoi jibu, ila kuanzia sasa halitamruhusu apite bila kusema kwa nini chembe inayonata inakwepa kuchujwa.

Kosa la “Homa” ni zito kuliko yote. Hapa hakusahau, anaamini jambo lisilo kweli, na ameliandika bila kusita. Amechanganya kupasuka kwa kwanza na kwa pili. Akifuta na kuandika jibu sahihi tu, kesho kutwa lile la zamani linaweza kurudi, kwa sababu limekwisha kuzoea mahali pake. Inampasa abadilishe dokezo lenyewe ligombane na kosa: “Homa: kwa nini si ini?” Sasa kila anapofika hapo atalazimika kueleza kwamba kupasuka kwa seli za ini hupita kimya, na kwamba kinacholeta homa ni chembe nyekundu kupasuka mzunguko baada ya mzunguko.

Kwa hiyo karatasi ya pili haifanani na ya kwanza. “Mate” limetoka, maana limekwisha kukaa. “Bandama” limeingia. “Homa” limebadilishwa. Napenda wanafunzi waiandike upya kila baada ya kumwaga, kwa sababu karatasi isiyobadilika huzoeleka kwa macho: unaanza kukumbuka kwamba neno la tano kutoka juu linafuatiwa na habari fulani, na mpangilio wa ukurasa unakuwa dokezo lisilokuwepo kwenye mtihani. Ndiyo maana pia, mara ya pili au ya tatu, ni vizuri kuyachanganya maneno na kuanzia katikati. Uruke siku mbili tatu kabla ya kumwaga mara ya pili, kisha wiki. Zoezi la mwisho lifanyike bila maneno yoyote, kwa kichwa cha mada tu, kwa sababu ndivyo swali la mtihani litakavyokuja.

Jambo moja la kuvumilia: njia hii inamfanya mtu ajione mjinga kuliko alivyo. Anayesoma madesa kwa mara ya nne anaona kila kitu kinateleza vizuri. Anayemwaga anatazama ukurasa wenye wekundu mtupu. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliliona hili mwaka 2006 walipowapa wanafunzi wa chuo vifungu vifupi vya kusoma. Kundi moja lilirudia kusoma, jingine liliandika kila lililokumbuka kwenye karatasi. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja waliorudia kusoma walibaki na asilimia 42, na walioandika walikuwa na 56. Kama mtihani wako ni baada ya dakika tano, soma tena. Kama ni mwezi ujao, ukurasa mwekundu wa leo ndio unaokufaa.

Kuna masomo ambayo karatasi hii haiyafai. Ukokotoaji wa dozi, hesabu za takwimu, mizania ya uhasibu: hizo zinataka maswali ya kufanya, na kumwaga kanuni yote kwa usahihi hakuthibitishi kwamba unaweza kuitumia. Wala haifai kwa mhadhara ambao hukuuelewa. Ukiona dokezo baada ya dokezo huandiki kitu, na ukisoma notsi bado hazikuingii, acha kumwaga, nenda kwa mwalimu au kwenye kitabu, kwa sababu huwezi kukumbuka kitu ambacho hakijawahi kuwa na maana kwako. Na kama notsi zenyewe zina kosa, utalikariri kosa hilo kwa ufanisi mkubwa. Kabla ya kutengeneza karatasi zilinganishe na kitabu au na notsi za mwenzako.

Kuhusu lugha, vyuoni kwetu mihadhara na mitihani mingi ni kwa Kiingereza. Kumwaga kwa Kiswahili mara ya kwanza ni jambo jema, maana utaona upesi kama mlolongo umeuelewa au umeshika sentensi za mwalimu tu. Mara za baadaye zifanyike kwa lugha ya mtihani, la sivyo utafika pale ukiwa na maelezo yote na bila majina ya kuyaeleza.

Mwisho ni desturi ya kurushiana karatasi hizi kwenye makundi ya Wasapu. Mwenye mwandiko mzuri anatengeneza, darasa zima linapakua. Timo Mäntylä wa Uswidi alichapisha mwaka 1986 majaribio ambamo watu walijiandikia madokezo matatu kwa kila neno kati ya mamia ya maneno, bila kuambiwa kwamba watapimwa. Kwa madokezo yao wenyewe walikumbuka zaidi ya asilimia 90 ya maneno 500. Waliopewa madokezo ya watu wengine walianguka vibaya. “Kimya” lina nguvu kwa yule aliyekaa na ukurasa wa ini hadi akalichagua. Kwa mwingine ni neno tu. Kinachofaa kuzungushwa kwenye kundi ni ule upande wa nyuma, wenye idadi za hoja na kurasa zake, ili mwenzako akusahihishie alichokiona na wewe umsahihishie chake. Kalamu nyekundu iliyo mikononi mwa mtu mwingine haina huruma na sentensi zako za jumla.